UZI: Mali sita, chanzo kimoja. Kutawanya mali kunasaidia nini siku ya mporomoko?

MtoPepo

Asalaam aleikum wana jukwaa.

Naomba tulijadili hili kwa hesabu, si kwa nasaha. Kila siku tunaambiwa tutawanye mali, tusiweke fedha pahala pamoja. Sasa chukueni mtu wa Unguja ambaye ametawanya kweli. Hii ni familia ya mfano, thamani kwa shilingi:

Nyumba ya wageni ya vyumba vinne Paje, milioni 120. Kiwanja Michamvi, milioni 60. Duka la vinyago na viungo Mji Mkongwe, bidhaa za milioni 30. Noah ya kubebea wageni, milioni 25. Fungu lake katika boti ya kupeleka watu Mnemba, milioni 20. Hisa za DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, milioni 15. Taslimu benki, milioni 10. Deni ni mkopo wa benki, rejesho milioni 2.2 kwa mwezi.

Mali sita za aina mbalimbali, tena taslimu kando. Je, huyu amepunguza hatari? Na kama jawabu ni hapana, angefanya nini kwa fedha hizo hizo?

---

Shangani_Hisa

Waalaykum salaam. Mie naona yuko vizuri, kasoro yake ni idadi tu. Sita ni chache. Kanuni inajulikana: kadiri unavyoongeza mali, ndivyo hatari inavyopungua. Auze kiwanja, anunue hisa za kampuni kumi na tano za DSE na vipande vya mfuko wa uwekezaji wa UTT, afike mali ishirini.

Hisa haziendi pamoja na utalii, nimezipima. Nimechukua mabadiliko ya bei ya kila siku ya kampuni kadhaa nikayaweka kwenye jedwali la kompyuta. Fomula ya kupima kama mbili zinakwenda pamoja ni hii:

```
=CORREL(B2:B250,C2:C250)
```

Nyingi zinatoa kati ya 0 na 0.1. Yaani kila moja inakwenda njia yake.

---

Kikwajuni_Juu

MtoPepo, orodha yako nzuri kwa sababu ndiyo sura ya mali za watu wengi hapa kwetu. Isome tena, lakini safari hii usiulize "hii ni mali gani". Uliza "fedha yake inatoka kwa nani".

Nyumba ya Paje inalipwa na mgeni. Boti hivyo hivyo. Noah ni yule yule mgeni, akitoka uwanja wa ndege kwenda Paje. Duka la vinyago ni yeye tena, siku ya mwisho kabla hajapanda ndege. Kiwanja cha Michamvi hakimwoni mgeni, lakini anayetaka kukinunua ni mtu anayetarajia kujenga nyumba ya wageni. Wageni wakikatika, mnunuzi huyo naye hayupo.

Kwa hiyo mali tano zina mlipaji mmoja. Ukizijumlisha ni milioni 255 kati ya milioni 280, zaidi ya asilimia 90.

Hisa nazo ziangaliwe moja moja. Anaweza kuwa na Swissport Tanzania, ambayo kazi yake ni kuhudumia ndege viwanjani. Anaweza kuwa na benki, na benki zimekopesha mahoteli. Kutoka Zanzibar kwenda kununua hisa Dar es Salaam hakumaanishi umetoka kwenye utalii. Kampuni ya saruji au sigara iko mbali zaidi na huyu mgeni, na tofauti hiyo huioni kwa kuhesabu idadi ya kampuni.

Tukio lenyewe tumeliona juzi tu. Mwaka 2019 Zanzibar iliingia wageni zaidi ya laki tano. Mwaka 2020 walishuka mpaka karibu laki mbili na sitini elfu, na hao wengi waliingia miezi ya mwanzo, kabla ndege hazijasimama mwezi Machi, au mwisho wa mwaka. Katikati kulikuwa na miezi ambayo nyumba ya Paje, boti, Noah na duka vyote viliingiza karibu na sufuri kwa pamoja. Ilipofika 2022 ndipo idadi ikarudi juu ya ile ya 2019.

---

BiMkubwa_Wete

Nyinyi watu wa Unguja mna mambo ya wageni. Sisi huku Pemba hatuna habari hiyo. Mie nina mikarafuu Wete, mengine Mkoani, na kishamba kidogo Micheweni. Mashamba matatu, wilaya tatu, mvua haziwi sawa. Pana duka la vyakula na gari ya abiria. Kwa hiyo suala la MtoPepo naona jawabu lake ni kununua ardhi pahala mbalimbali, si pahala pamoja. Au nimekosa kufahamu?

---

Kikwajuni_Juu

Bi Mkubwa, shikamoo. Mashamba matatu yanakukinga na kitu kimoja, nacho kina maana: mvua mbaya ya pahala pamoja, au maradhi ya miti ya shamba moja. Hiyo ni hatari ya shamba lenyewe, na kwa hatari hiyo mtawanyo unafanya kazi.

Lakini bei ya karafuu ni moja kwa mashamba yote matatu. Mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la serikali, na nyuma yake kuna soko la dunia. Miaka ya 1980 bei ilipoanguka, baada ya Indonesia kujitosheleza kwa karafuu zake za sigara, haikuchagua Wete wala Mkoani. Tena mikarafuu huwa na mwaka wa kuzaa sana ukifuatiwa na miaka ya kuzaa kidogo, na mara nyingi kisiwa kizima hufuatana.

Sasa duka na gari. Wateja wa duka lako wanakuwa na fedha lini? Msimu wa kuchuma. Gari inajaa lini? Msimu huo huo. Kwa hiyo una mali tano, na zote zinasikiliza karafuu.

Ila kuna jambo unalo ambalo familia ya MtoPepo hawana: karafuu haimtegemei mgeni wa Paje. Mtu mwenye nyumba ya wageni Unguja na mikarafuu michache Pemba ana mali mbili tu, lakini ametawanya kuliko huyu mwenye sita.

---

BiMkubwa_Wete

Marahaba, mwanangu. Hapo kwenye duka umenigusa. Mwaka usio na karafuu daftari la mikopo ndilo linalojaa, droo haina kitu. Lakini ardhi bado ni ardhi, haiendi popote.

---

Binti_Jozani

Shangani_Hisa, naomba nirudi kwenye jedwali lako, kwa sababu namba yako si uongo, ila haipimi ulichokusudia.

DSE ina kampuni ambazo hisa zake hazinunuliwi kila siku. Siku isiyo na muamala bei inabaki ya jana, na mabadiliko yake yanaandikwa sufuri. Ukipima kampuni A iliyosogea Jumatatu na kampuni B ambayo habari ile ile imeifikia Alhamisi, fomula inaona vitu viwili visivyojuana. Ukiwa na safu yenye sufuri nyingi, `CORREL` mara nyingi hutoa namba ndogo. Hiyo ni dalili ya soko lisilo na wauzaji na wanunuzi wa kutosha, wala haihusiani na usalama.

Jaribu hivi. Kwanza hesabu siku ambazo mabadiliko ni sufuri. Zikiwa zaidi ya thuluthi moja, achana na bei za kila siku. Chukua bei ya mwisho wa mwezi, miaka mitatu hadi mitano. Halafu upime mabadiliko ya asilimia, wala usipime bei zenyewe. Bei mbili zinazopanda taratibu kwa miaka zitaonekana zinakwenda pamoja hata kama hazina uhusiano wowote.

Kiwanja ndiyo zaidi. Bei yake huijui mpaka siku ya kuuza. Mtu anaandika milioni 60 mwaka huu, 60 mwakani, 65 mwaka wa tatu, kisha anasema kiwanja hakiyumbi. Kinayumba, ila hakuna aliyekuwa akiandika.

---

Shangani_Hisa

Nimekuelewa kuhusu siku za sufuri. Lakini hata ikiwa si 0.05, tuseme ni 0.2, bado ni ndogo. Na mali ishirini zenye 0.2 ni bora kuliko sita zenye 0.2. Hapo sina shaka.

---

Binti_Jozani

Ni bora, kwa mwaka wa kawaida. Ngoja nikuoneshe pale inapokatika. Hesabu ni fupi na haihitaji kompyuta.

Gawa kuyumba kwa kila mali mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kitu cha pamoja, tuseme wageni wanaoingia kisiwani. Fungu la pili ni mambo ya mali yenyewe: injini ya boti imekufa, paa la makuti linavuja, muuzaji wa duka kaondoka. Nichukulie kwamba mwaka wa kawaida kitu cha pamoja kinaiyumbisha kila mali kwa asilimia 10, na mambo yake yenyewe kwa asilimia 20. Namba nimezichagua mie ili hesabu iwe nyepesi.

Kuyumba hujumlishwa kwa miraba. Mraba wa 10 ni 100, wa 20 ni 400, jumla 500. Kipeuo cha pili cha 500 ni 22.4, basi mali moja inayumba asilimia 22.4. Kipimo cha mali mbili kwenda pamoja ni fungu la pamoja juu ya jumla: 100 kwa 500, yaani 0.2. Ndiyo namba yako.

Sasa uwe nazo sita kwa mafungu sawa. Zile 400 zinagawanyika kwa sita, zinabaki karibu 67, kwa sababu injini ikifa hapa, pale paa ni zima. Zile 100 hazigawanyiki, maana mgeni asipokuja hajafika popote. Jumla 167, kipeuo chake 12.9. Umetoka 22.4 mpaka 12.9, na mtawanyo umekufaa sana. Ukifika ishirini unapata karibu 11.

Mwaka wa mporomoko injini haziharibiki zaidi ya kawaida. Fungu la pili linabaki 20. Kinachobadilika ni wageni: badala ya kuyumba 10 wanayumba 40. Mraba wake 1600. Mali moja sasa ni 1600 na 400, jumla 2000, kipeuo 44.7. Kipimo cha kwenda pamoja ni 1600 kwa 2000, yaani 0.8.

Mali sita: 1600 na 67, kipeuo 40.8. Mali ishirini: 1600 na 20, kipeuo 40.2.

Kutoka sita mpaka ishirini umenunua punguzo la asilimia 0.6, siku ile uliyolihitaji zaidi.

---

Shangani_Hisa

Aa, hapo sasa nimeiona. Kwa hiyo 0.2 na 0.8 zote ni kweli, za mali zile zile?

---

Binti_Jozani

Naam, na hilo ndilo watu wengi wanalikosea. Husema "uhusiano ulibadilika siku ya mporomoko". Katika mfano huu uhusiano haukubadilika hata kidogo. Kila mali ilikuwa ikimtegemea mgeni kwa kiasi kile kile tangu mwanzo, ila miaka ya utulivu makelele ya injini na mapaa yalikifunika kitu cha pamoja kisionekane. Ndiyo maana kipimo cha miaka mitano mizuri hakiwezi kukuonya.

---

Kikwajuni_Juu

Binti Jozani, hesabu yako naikubali, lakini sikubali kwamba hadithi yote ni hiyo. Kuna mali ambazo hazina kitu cha pamoja kabisa katika uchumi, na bado huanguka pamoja, kwa sababu mwenyewe ni mmoja na ana deni.

Mfano unaojulikana ni LTCM, mfuko wa Marekani. Walikuwa wametawanya kwenye hatifungani na mikataba ya nchi nyingi, kwa mkopo mkubwa sana. Tarehe 17 Agosti 1998 Urusi ikasimamisha malipo ya madeni yake. Hasara kubwa haikutoka Urusi kwenyewe. Ilitoka kwenye biashara nyingine zisizohusiana na Urusi, kwa sababu wengine waliokuwa na biashara kama zao walilazimika kuuza ili walipe, na bei zikaanguka kila pahala walipokuwa wamekaa pamoja. Walipoteza dola bilioni 4.6 kwa miezi michache, na mwezi Septemba mabenki na mashirika 14 yakaingiza dola bilioni 3.6 kuzuia wasifilisike ovyo.

Lishushe hilo Paje. Tuseme huyu mtu ana mikarafuu Pemba, kitu kisichojuana na wageni. Rejesho la milioni 2.2 likifika na nyumba haiingizi, atauza nini? Atauza mikarafuu, maana ndiyo yenye mnunuzi. Wenzake mia wenye mikopo kama yake wakifanya hivyo mwezi mmoja, bei ya mashamba itaanguka kwa sababu ya wageni ambao hawajawahi kuliona shamba. Deni ndilo lililoziunganisha.

---

Binti_Jozani

Sikatai. Tofauti yetu ni kwamba wewe unaona uhusiano mpya umezaliwa, mie naona kitu cha pamoja cha pili kilichokuwa kimefichika, yaani deni. Kwa data ya bei peke yake ni vigumu sana kutenganisha hayo mawili. Wataalamu wamebishana juu yake miaka mingi.

---

MtoPepo

Nashukuru nyote. Sasa nirudisheni kwenye familia ile. Wao hawana bei za kila siku wala za mwezi. Wapime vipi?

---

Kikwajuni_Juu

Aachane na kipimo cha bei. Achukue tukio moja, aandike mbele ya kila mali itaingiza nini, mwezi kwa mwezi. Tufanye hapa, kwa mapato ya kukisia.

Mwezi wa kawaida: nyumba inaingiza milioni 3.0, duka 1.4, Noah 1.0, boti 0.6. Jumla 6.0. Matumizi: rejesho 2.2, familia 1.5, mlinzi na umeme na matengenezo 0.8. Jumla 4.5. Anabakisha milioni 1.5, anajiona tajiri, na huenda ndipo anapofikiria kununua Noah ya pili.

Tukio: hakuna ndege miezi sita. Nyumba sufuri. Boti sufuri. Duka linauza viungo kidogo kwa wenyeji, 0.2. Noah inapakia harusi na safari za mashamba, 0.3. Jumla 0.5. Matumizi yanabaki 4.5, kwa sababu mlinzi bado analinda na benki bado inadai. Pungufu ni milioni 4.0 kwa mwezi.

Taslimu milioni 10 zinamaliza miezi miwili na nusu. Hisa za milioni 15 akiziuza katika soko lililoanguka, tuseme kwa asilimia 30, anapata 10.5, na hapo tusali apate mnunuzi haraka. Jumla 20.5, miezi mitano na siku chache. Mwezi wa sita anaanza kuuza Noah, na Noah zote za kisiwa ziko sokoni wiki hiyo.

Sasa geuza kitu kimoja. Asingekuwa na Noah, hizo milioni 25 zingekuwa amana. Mwezi wa mporomoko anakosa zile 0.3 za harusi, kwa hiyo pungufu ni 4.3. Fedha alizonazo ni 35 na hisa 10.5, jumla 45.5. Zinamfikisha miezi kumi na nusu.

Mali zimepungua, uhai umeongezeka maradufu. Gharama yake nayo iandikwe: mwezi wa kawaida anakosa milioni moja ya Noah na anapata faida ndogo ya amana. Kile anachobakisha kinashuka kutoka 1.5 mpaka 0.5 na ushei.

---

Shangani_Hisa

Hiyo ni bei kubwa. Noah inarudisha fedha yake katika miaka miwili na kitu. Kwa nini asiondoe deni badala yake? Auze kiwanja wakati bei ni nzuri, alipe benki.

---

Kikwajuni_Juu

Hilo ni wazo zuri kuliko langu. Tuseme deni lililobaki linafutika kwa kiwanja. Matumizi yanashuka kutoka 4.5 mpaka 2.3. Mwezi wa mporomoko pungufu ni 1.8 badala ya 4.0, na zile 20.5 zinamfikisha miezi kumi na moja na zaidi, Noah bado anayo. Na kiwanja kilikuwa hakiingizi hata shilingi.

Ila aulize benki kwanza juu ya faini ya kulipa kabla ya muda. Na asihesabu kwamba mkopo utaahirishwa. Mwaka 2020 Benki Kuu iliyapa mabenki nafasi ya kupanga upya mikopo iliyoathirika, lakini kupangiwa upya ni hiari ya benki, na faida ya mkopo inaendelea kuhesabiwa.

---

Mlandege_Sokoni

Salaam. Mmesema amana, hisa, hatifungani. Wengi wetu hatutaki riba. Hiyo kinga tutaipata wapi? Dhahabu? Dola? Sukuku ya serikali?

---

Binti_Jozani

Waalaykum salaam. Suala zuri, na kila moja ina upande wake.

Amana ya mudharaba katika dirisha la kiislamu la benki inatosha kwa kazi hii, sharti ujue unaweza kuitoa lini. Ukiifunga mwaka mzima kwa faida kubwa zaidi, si akiba ya mporomoko tena.

Dhahabu haimtegemei mgeni, na kwa mwaka mzima wa 2008 haikuanguka pamoja na hisa. Lakini Machi 2020, katika wiki zile mbaya, ilishuka na yenyewe kutoka juu ya dola 1,650 mpaka chini ya 1,500 kwa aunsi, kwa sababu watu duniani waliuza chochote chenye mnunuzi ili wapate fedha mkononi. Baadaye ikapanda sana. Kwa hiyo ni kinga ya miezi, haitoshi kwa wiki. Na ukiwa nayo kwa umbo la vidani, sonara wa Darajani atakukata ufundi na faida yake.

Dola nilitarajia zingepanda 2020, kwa kuwa wageni ndio wanaozileta. Hazikupanda. Shilingi ilikaa karibu na 2,300 mwaka mzima. Dola zilishika thamani tu.

Sukuku ya serikali ya Zanzibar naipenda kwa mambo mengi, lakini kwa mwenye nyumba Paje uliza lile suala la mwanzo la Kikwajuni: fedha yake inatoka kwa nani? Utalii ni zaidi ya robo ya uchumi wa visiwa hivi, na makusanyo ya serikali yanaufuata. Sisemi haitalipa. Nasema kwa mtu huyu mahususi haiko mbali na mgeni kama inavyoonekana kwa mtu wa Mwanza.

---

Shangani_Hisa

Basi wasiojali riba wachukue hatifungani za serikali ya muungano, wamalize. Hisa zikianguka, hatifungani hupanda. Hiyo inajulikana duniani.

---

Kikwajuni_Juu

Inategemea mporomoko umeletwa na nini. Mwaka 2008 soko la hisa la Marekani lilianguka karibu asilimia 37, hisa za nchi zinazoendelea zaidi ya nusu, mali za majengo zilizoorodheshwa sokoni nazo zaidi ya thuluthi. Aliyetawanya duniani kote kwa hisa alipigwa kote. Hatifungani za serikali ya Marekani zikapanda, zikamwokoa aliyekuwa nazo.

Mwaka 2022 chanzo kilikuwa mfumuko wa bei na riba kupandishwa. Hisa za Marekani zilishuka asilimia 18, na hatifungani zao zikashuka asilimia 13 mwaka huo huo. Kinga ya 2008 ilikuwa sehemu ya jeraha la 2022.

Kwetu kuna na hili: hatifungani ya miaka 20 ukiishika mpaka mwisho inakulipa ilivyoahidi. Ukilazimika kuiuza mwezi wa tatu wa mporomoko, unakwenda kwa wakala kutafuta mnunuzi, na bei atakayokupa hujui. Kwa pengo la miezi sita, dhamana ya muda mfupi au amana inafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

---

BiMkubwa_Wete

Nimeifanya ile hesabu ya Kikwajuni kwa karatasi, nikaweka tukio "ZSTC bei imeshuka nusu na mwaka wenyewe si wa kuzaa". Duka nimeliandikia nusu ya mauzo. Lakini nimekwama pahala: wanaodaiwa dukani niwaandike mali au niwafute? Mwaka kama huo hawalipi, ila mwaka wa neema hulipa wote.

---

Binti_Jozani

Bi Mkubwa, kwa hesabu ya mporomoko waandike sufuri. Madeni yale yanalipwa na karafuu ile ile, kwa hiyo ni fungu la sita la karafuu ulilolihesabu kando. Kwa hesabu ya mali yako yote unaweza kuwaacha.

---

MtoPepo

Limebaki moja linalonisumbua. Tukio tulilopima ni miezi sita bila ndege. Lakini Kikwajuni kasema wageni walirudi juu ya 2019 mwaka 2022. Hiyo ni zaidi ya miaka miwili. Tupime miezi sita ya sufuri, au miaka miwili ya nusu?

---

Kikwajuni_Juu

Pima zote mbili, zinaua kwa njia tofauti. Kwa nusu, familia inaingiza milioni 3.0, inatumia 4.5, pungufu 1.5. Zile 20.5 zinafika miezi kumi na tatu na ushei, miaka miwili haifiki. Akiwa amelipa deni kwa kiwanja, matumizi ni 2.3 na mapato ya nusu ni 3.0, kwa hiyo habomoi akiba kabisa.

---

Shangani_Hisa

Lakini hapo unachukulia nusu ya wageni ni nusu ya mapato. Wageni wakipungua, kila nyumba Paje inashusha bei ya chumba kugombania waliobaki. Mapato yatakuwa chini ya nusu, pengine thuluthi.

---

Kikwajuni_Juu

Kweli. Kwa thuluthi mapato ni milioni 2.0, na hata asiye na deni anapungukiwa 0.3 kwa mwezi. Hiyo akiba inaibeba. Mwenye deni anapungukiwa 2.5, na anafika mwezi wa nane. Mwenye takwimu za bei za vyumba vya Paje za 2020 na 2021 atuwekee hapa, maana huo ushushaji wa bei sijui tuukisie kwa kiasi gani.